Kufuli la Kuzunguka: Kungoja Bila Kulala Kunapogharimu Zaidi

Kuna hali inayowasumbua sana watunzaji wa seva. Skrini inaonyesha viini vyote vya prosesa vinafanya kazi kwa asilimia 100, feni zinavuma, lakini maombi ya wateja hayasogei. Jibu la haraka ni kwamba mashine imezidiwa, iongezewe viini. Inaongezewa, na mambo yanazidi kuharibika. Mara nyingine ukichunguza unakuta kinachokula muda huo wote si kazi, ni kungoja. Nyuzi kadhaa za programu zimesimama kwenye mlango mmoja na kila moja inauliza mamilioni ya mara kwa sekunde kama mlango umefunguliwa. Kila swali ni amri halisi inayotekelezwa na prosesa, kwa hiyo kwa kipimo cha mashine zote ziko kazini.

Mlango huo ni kufuli linaloitwa spinloki, yaani kufuli ambalo anayelingoja hazimiki bali huzunguka kwenye kitanzi mpaka alipate.

Tuanze na sababu ya kuwepo kwa kufuli. Chukua programu yenye nyuzi mbili zinazotoa fedha kwenye salio moja la shilingi 10,000. Uzi wa kwanza unasoma 10,000 ili utoe 3,000. Kabla haujaandika jibu, uzi wa pili, kwenye kiini kingine, nao unasoma 10,000 ili utoe 2,000. Wa kwanza unaandika 7,000, wa pili unaandika 8,000 juu yake. Zimetoka 5,000, lakini daftari linasema zimetoka 2,000 tu. Programu hii inaweza kupita majaribio yote ya ofisini na kuanza kupoteza fedha siku ya kwanza yenye wateja wengi, kwa sababu kosa linahitaji nyuzi mbili zigongane ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde.

Dawa inayokuja kichwani kwanza ni kuweka namba pembeni: 0 maana yake pako wazi, 1 maana yake kuna mtu ndani. Anayetaka kuingia asome namba, akikuta 0 aandike 1, aingie. Tatizo limehama tu, halijaondoka. Nyuzi mbili zinaweza kusoma 0 kwa pamoja, kila moja ikaandika 1, zote zikaingia. Mwaka 1965 Edsger Dijkstra alionyesha kwamba nyuzi nyingi zinaweza kupeana zamu kwa kusoma na kuandika kwa kawaida tu, ila njia hiyo ni ndefu na inakwenda polepole. Watengeneza mashine walichagua kulimaliza jambo kwenye chuma chenyewe. System/360, familia ya kompyuta ambayo IBM ilitangaza mwaka 1964, ilikuwa na amri moja iliyosoma thamani ya zamani na kuandika mpya kwa pigo moja, bila mwingine kupenya katikati. Tuiite jaribu-na-weka. Unaandika 1 bila kuuliza, kisha unatazama ulichokikuta. Ukikuta 0, wewe ndiye uliyelifunga. Ukikuta 1, kuna mwenzako ndani, na kuandika kwako 1 juu ya 1 hakujaharibu kitu. Kwenye lugha ya C ya leo, kufuli zima ni mistari hii:

```c
atomic_flag kufuli = ATOMIC_FLAG_INIT;

while (atomic_flag_test_and_set(&kufuli))
    ;
salio = salio - 3000;
atomic_flag_clear(&kufuli);
```

Ule mstari wenye nukta-mkato peke yake ndio kuzunguka kwenyewe. Hakuna kinachofanyika pale zaidi ya kurudia swali.

Ndugu wa amri hiyo ni linganisha-na-badilisha, iliyokuja na System/370, na sasa iko kwenye karibu kila prosesa ya seva na simu, kwa amri moja au kwa jozi ya amri zinazofanya kazi hiyo hiyo. Hii huambiwa: kama hapa pana thamani ninayoitarajia, weka hii mpya, kama hapana, usiguse, niambie tu umekuta nini. Ina uwezo mkubwa zaidi, kwa sababu kwenye namba hiyo hiyo unaweza kuweka habari za ziada, kwa mfano kama kuna wanaongoja. Lakini ina mtego ambao wanaoanza huunasa mguu wao:

```c
int tarajio = 0;
while (!atomic_compare_exchange_weak(&kufuli, &tarajio, 1))
    tarajio = 0;
```

Hapa `kufuli` ni namba ya kawaida ya aina ya `atomic_int`. Amri ikishindwa, inaandika ilichokikuta ndani ya `tarajio`. Ukisahau ule mstari wa mwisho, mzunguko wa pili utaanza na `tarajio` ikiwa 1. Sasa unaiambia mashine: ukikuta 1, weka 1. Mashine inakuta 1, inaweka 1, inakujibu kwamba umefaulu, nawe unaingia ndani huku mwenye kufuli hajatoka. Programu haianguki wala hailalamiki. Salio linaanza tu kupotea kama zamani.

Kabla ya kufika kwenye kulala, inafaa kuona kuzunguka kunavyoisumbua mashine hata pale ambapo kila uzi una kiini chake. Kila kiini kina kache, kumbukumbu ndogo ya karibu, na data huhamia humo kwa mafungu. Kwenye kompyuta nyingi za leo fungu moja ni baiti 64. Viini vingi vinaweza kushikilia nakala za fungu moja kwa pamoja maadamu vinasoma tu. Kinachotaka kuandika lazima kwanza kifute nakala za wengine, kibaki peke yake. Sasa kumbuka kwamba jaribu-na-weka ni kuandika, hata inapokuta mlango umefungwa. Viini saba vinavyozunguka vitanyang'anyana fungu hilo mfululizo, na kila kulihamisha kutoka kiini hadi kiini huchukua makumi ya nanosekunde, wakati mwingine zaidi ya 100. Anayeumia kwanza ni yule aliye ndani. Akimaliza na kutaka kuandika 0 ili afungue, naye anaingia kwenye foleni hiyo ya kugombea fungu. Na kama `salio` limekaa ndani ya baiti hizo hizo 64 pamoja na `kufuli`, hata kazi yake ya ndani inacheleweshwa na wanaomngoja.

Larry Rudolph na Zary Segall walieleza dawa mwaka 1984: usijaribu kuandika mpaka kwanza umesoma ukaona 0. Wanaongoja wanasoma nakala zao wenyewe, kimya, bila kumsumbua mtu, mpaka mwenye kufuli aandike na nakala zao zifutwe. Hapo wote hukurupuka kwa pamoja, na vurugu fupi hutokea. Thomas Anderson alipopima makufuli haya katika utafiti aliouchapisha mwaka 1990, alionyesha kwamba kumwamuru anayeshindwa apumzike kidogo kabla ya kujaribu tena husaidia sana vurugu hiyo. Prosesa za Intel na AMD zina amri ya `pause` kwa ajili ya pumzi kama hiyo. Nayo ina vituko vyake. Kwenye kizazi cha Skylake, Intel waliirefusha kutoka mizunguko kama 10 ya saa ya prosesa hadi kama 140, na programu zilizokuwa zimehesabu idadi maalumu ya `pause` kabla ya kukata tamaa zikajikuta zinangoja mara nyingi zaidi ya zilivyokusudia, bila mtu kugusa msimbo wao.

Hayo yote ni matatizo ya sehemu ndogo za sekunde. Tatizo kubwa linakuja nyuzi zinapokuwa nyingi kuliko viini.

Njia mbadala ya kuzunguka ni kulala. Uzi unaokuta mlango umefungwa unauambia mfumo endeshi: niondoe kwenye kiini hiki, umpe mwingine, uniamshe kufuli likifunguliwa. Hilo lina gharama. Kuingia kwenye kerneli, kubadilisha nyuzi, kisha baadaye kuamshwa na kupangiwa kiini, kwa pamoja hufika maikrosekunde kadhaa. Tuchukue 5 kwa ajili ya hesabu, ingawa mashine hutofautiana. Kazi yetu ya kupunguza salio, kwa upande mwingine, inaisha kwa nanosekunde 50 hivi. Maikrosekunde 5 ni nanosekunde 5,000, mara 100 ya kazi yenyewe. Ukiangalia namba hizo peke yake, kulala ni upuuzi: ni sawa na mtu aliyefika kwa kinyozi akakuta mteja wa mwisho anapanguswa nywele shingoni, akaamua kurudi nyumbani mpaka apigiwe simu. Ndipo waandishi wengi wa programu wanapohitimisha kwamba kazi fupi inataka spinloki, na kesi imekwisha.

Hesabu hiyo ina sharti ambalo halikuandikwa popote: kwamba aliye ndani anatembea. Urefu wa kazi ya ndani una maana pale tu mwenye kufuli anapokuwa na kiini chini yake.

Tuchukue mashine ya viini vinne yenye nyuzi nane, mbili kwa kila kiini. Mfumo endeshi unazipa zamu, na tuseme kila zamu ni milisekunde 3, kiasi cha kawaida kwenye Linux. Uzi mmoja, tuuite A, unachukua kufuli ukiwa kwenye kiini cha kwanza. Umebakiza nanosekunde 50 za kazi, na hapo hapo zamu yake inaisha. Mfumo endeshi haujui habari za kufuli. Kwake spinloki ni namba tu kwenye kumbukumbu ya programu, haina tofauti na namba nyingine yoyote. Unauondoa A, unamweka jirani yake B. B naye anataka kufuli. Anakuta 1, anaanza kuzunguka. Kwenye viini vingine vitatu, nyuzi zilizopo zinafika mlangoni moja baada ya nyingine na kuanza kuzunguka vilevile.

Sasa viini vyote vinne viko kazini kwa asilimia 100, vinamngoja A. A hawezi kufungua, kwa sababu B amekikalia kiini chake. B hatatoka mpaka zamu yake iishe. Kwa milisekunde 3 nzima hakuna shilingi moja inayohesabiwa. Ndani ya muda huo kufuli lingeweza kushikwa na kuachiwa mara 60,000 kwa kazi ya nanosekunde 50. Ukijumlisha viini vyote, umetumia milisekunde 12 za prosesa kungoja kazi ya nanosekunde 50.

Rudia kisa hicho kwa kufuli la kulala. B anakuta 1, analala. Kwenye kiini cha kwanza amebaki A peke yake mwenye hamu ya kukimbia, kwa hiyo mfumo endeshi unamrudisha mara moja. Anamaliza nanosekunde zake 50, anafungua, anawaamsha wengine. Hasara yote ni maikrosekunde chache. Kulala hapa hakukuwa kupumzika tu. Ndiko kulikomrudishia mwenye kufuli kiini alichokihitaji ili afungue.

Mtu anaweza kusema nyuzi zake ni chache kuliko viini, kwa hiyo yuko salama. Huenda, lakini mashine haina programu yako peke yako. Ipo inayoandika kumbukumbu za matukio, ipo inayohifadhi nakala za usiku, upo mfumo endeshi wenyewe na shughuli zake. Desemba 2019 mhandisi mmoja wa michezo ya kompyuta alichapisha vipimo vilivyoonyesha nyuzi zikichelewa kwa milisekunde nzima kupata spinloki kwenye Linux, akamtilia shaka mpangaji zamu wa Linux. Linus Torvalds, mwanzilishi wa kerneli hiyo, alijibu kwa ukali wake unaojulikana kwamba vipimo vyenyewe havina maana. Mwenye kufuli husoma saa kwanza, kisha ndipo afungue. Akiondolewa kwenye kiini katikati ya vitendo hivyo viwili, saa imeshasomwa lakini mlango bado umefungwa, na muda wote aliolala nje ya kiini unahesabiwa kana kwamba mlango ulikuwa wazi na mpangaji zamu alikuwa anazembea. Msimamo wake ni kwamba programu za kawaida, zile zinazokimbia nje ya kerneli, zisitumie spinloki isipokuwa mwandishi anajua hasa anachokifanya. Alisema pia kwamba kuita `sched_yield` ndani ya kitanzi hakuponyi, kwa kuwa unaachia kiini bila kuuambia mfumo ni nani unayemngoja, nao unaweza kumpa kiini mzungukaji mwingine. Katika hilo naona alikuwa na haki yote.

Kerneli yenyewe imejaa spinloki, na hilo si unafiki. Kerneli ikishika spinloki ya kawaida huzuia kwanza kuondolewa kwenye kiini hicho, na pale inapohitajika huzuia pia wito wa dharura kutoka kwenye vifaa. Sharti la mwenye kufuli kutembea linatimizwa kwa nguvu. Programu ya mtumiaji haina mamlaka hayo. Na kwenye kompyuta ya kiini kimoja, spinloki za kerneli ya Linux hazizunguki kabisa. Kinachobaki ni lile zuio tu, kwa sababu anayezunguka kwenye kiini pekee anamziba yule yule anayemngoja.

Wanaokodi seva za mtandaoni wana hatari moja zaidi, nayo ni mgao. Tuseme umepewa mgao wa viini viwili kwenye mashine yenye viini vinane. Linux hupima mgao huo kwa vipindi, na kwa kawaida kipindi ni milisekunde 100. Mgao wa viini viwili ni milisekunde 200 za prosesa kwa kila kipindi. Nyuzi nane zikiingia kwenye viini vinane, moja ikishika kufuli na saba zikizunguka, zinakula milisekunde 8 za mgao kwa kila milisekunde 1 ya saa ya ukutani. Baada ya milisekunde 25 mgao umekwisha. Programu nzima inasimamishwa kwa milisekunde 75 zilizobaki, mwenye kufuli akiwemo. Wazungukaji wamemlia mwenzao muda ambao angeutumia kuwafungulia. Hapa mteja anaona huduma inakwenda vizuri, inaganda, inakwenda tena, kwa mdundo unaojirudia mara kumi kwa sekunde.

Je, basi tulale kila mara? Siyo lazima. Kuna hesabu nzuri ambayo Anna Karlin na wenzake waliifanyia kazi mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990: zunguka kwa muda usiozidi gharama ya kulala, kisha lala. Kama kulala kunagharimu maikrosekunde 5, zunguka 5. Kufuli likifunguliwa ndani ya muda huo, hukupoteza kitu ukilinganisha na anayejua yajayo. Lisipofunguliwa, umetumia 5 za kuzunguka na 5 za kulala, jumla 10, wakati anayejua yajayo angelala moja kwa moja kwa 5. Kwa hiyo hutapoteza kamwe zaidi ya mara mbili ya kilicho bora, hata kama hujui chochote kuhusu aliye ndani.

Makufuli ya kawaida ya leo yana mawazo haya ndani yake. Tangu kerneli ya Linux ya mwaka 2003, ile ya 2.6, kufuli la `pthread_mutex_lock` hutumia utaratibu wa `futex`: kama mlango uko wazi, linafungwa kwa linganisha-na-badilisha moja tu, bila kuingia kwenye kerneli hata kidogo. Kerneli huitwa pale tu kunapokuwa na wa kulala au wa kuamshwa. Ile hofu kwamba kufuli la kawaida ni zito imepitwa na wakati. Mlango ukiwa wazi, gharama yake inakaribiana sana na ya spinloki. Hifadhidata ya PostgreSQL ina spinloki zake yenyewe, lakini anayezunguka humo hujaribu mara chache, kisha hulala milisekunde 1, na vipindi vya kulala huweza kukua hadi sekunde 1. Akilala mara 1,000 bila kupata kufuli, seva hujisimamisha kwa makusudi na kuandika `stuck spinlock detected`.

Ukiwa na seva inayoshukiwa, endesha `perf top` uone ni kazi gani inakula prosesa. Jina kama `s_lock` la PostgreSQL, au `native_queued_spin_lock_slowpath` la kerneli, likikaa juu ya orodha, unatazama kungoja. Kisha fungua `/proc/PID/task/TID/status`, ukiweka namba ya programu yako mahali pa `PID` na namba ya uzi mahali pa `TID`, na ulinganishe mistari miwili. Uzi unaolala kwa hiari huongeza `voluntary_ctxt_switches`. Uzi unaozunguka mpaka unanyang'anywa kiini huongeza `nonvoluntary_ctxt_switches`. Kipimo cha mwisho hakihitaji chombo chochote. Punguza nyuzi za programu kutoka nane hadi tatu kwenye ile mashine ya viini vinne, uache kiini kimoja kwa shughuli nyingine, halafu hesabu maombi yanayokamilika kwa dakika. Yakiongezeka, nyuzi zile tano ulizoziondoa zilikuwa zinawazuia wenzao.